Hawakufungwa hata mechi moja, wakakosa ubingwa: kisa cha mtoano na ligi katika kata moja ya Kigoma

Kisa hiki ni cha misimu mitatu ya mashindano ya mpira wa miguu katika kata moja ya mwambao, Manispaa ya Kigoma Ujiji. Mimi nilikuwa katibu wa kamati, kwa hiyo daftari la matokeo nilikaa nalo nyumbani kwangu, na lawama nyingine zilinifuata huko huko. Jina la kata, miaka na majina ya watu nimeyaacha. Timu nimezipa majina ya bandia kufuatana na mahali zinapotoka: Mwaloni, Relini, Sokoni, Mlimani, Bodaboda, Chuoni, Bandarini na Michikichini. Matokeo ni yale yaliyomo kwenye daftari.

Tulikotokea

Timu zilikuwa nane, uwanja mmoja, na zawadi ya kawaida: mbuzi, seti ya jezi na mpira. Lakini kilichowatoa watu jasho hakikuwa mbuzi. Bingwa wa kata ndiye aliyekuwa anakwenda kuwakilisha kwenye mashindano ya ngazi ya juu, na huko ndiko vijana wanakoonekana na makocha. Kwa hiyo mashindano yetu yalikuwa na kazi mbili kwa wakati mmoja: kuwapa watu burudani ya jioni, na kuchagua timu bora. Kamati haikuwahi kukaa ikajiuliza kama kazi hizo mbili zinafanywa na ratiba ya aina moja.

Kila mtu aliyekuwa anakaa kwenye kingo za uwanja ule alijua nani ni nani. Mwaloni, vijana wa boti za dagaa, walikuwa na nguvu na kasi kuliko wote. Relini, wa mtaa ulio karibu na pale reli ya kati inapoishia, walikuwa wanacheza pamoja tangu shule ya msingi na walikuwa na mabeki wasiopitika. Wengine sita walikuwa wanapishana kidogo kidogo. Mechi za kirafiki zilikuwa zimeshasema hivyo kwa muda mrefu, ingawa mechi ya kirafiki haipewi mbuzi.

Msimu wa kwanza: mtoano

Tulichagua mtoano kwa sababu ya fedha na muda. Kila timu ilitoa ada ya shilingi 50,000, jumla 400,000. Waamuzi watatu kwa mechi moja walitugharimu 30,000. Katika mtoano kila mechi inatoa timu moja, na timu nane zikibaki moja maana yake saba zimetolewa, kwa hiyo mechi ni saba tu. Waamuzi walikula 210,000 na zilizobaki zikanunua zawadi. Wikiendi mbili tukawa tumemaliza.

Kura tulizipiga mbele ya watu, karatasi nane ndani ya sufuria, mtoto wa mwenyekiti akichota. Karatasi ya kwanza ikatoka Mwaloni, ya pili Relini. Watu walipiga kelele kwa furaha, na mimi nilipiga nao. Mechi kubwa kuliko zote ilikuwa inachezwa Jumamosi ya kwanza, na uwanja ulijaa hadi watoto wakapanda miembe.

Mwaloni walitawala. Walipiga mwamba mara mbili na kukosa penalti dakika ya sabini na kitu. Relini walipata kona mbili mchezo mzima na moja ikaingia. Ikaisha 1-1, tukaenda kwenye matuta, Relini wakapita 4-3. Kipa wao aliumia vidole viwili katika mechi hiyo, na Jumamosi iliyofuata kwenye nusu fainali wakamweka kijana wa akiba. Bodaboda wakawafunga 1-0, shuti la mbali ambalo kipa yule mwenye vidole vizima angelidaka akiwa anapiga miayo.

Fainali ikawa Bodaboda na Michikichini. Michikichini walifika hapo kwa kuwafunga Sokoni walioleta wachezaji tisa, kisha kuwatoa Chuoni kwa matuta. Bodaboda wakashinda 2-1, wakachukua mbuzi, wakaenda kuwakilisha kata. Walifungwa 5-0 mechi ya kwanza na 3-0 ya pili, wakarudi.

Siku ile waliporudi, mzee mmoja mwenye kibanda cha kahawa aliniambia, "Katibu, mmepeleka timu iliyobaki, hamkupeleka timu iliyo bora." Nilichukia, kwa sababu nilikuwa nimehesabu karatasi zile mwenyewe na hakukuwa na hila yoyote. Lakini alichokuwa anasema hakikuwa habari ya hila.

Msimu wa pili: ligi

Kamati iligawanyika. Mwenyekiti alitaka tubaki na mtoano kwa sababu ulikuwa umejaza uwanja. Mwalimu mmoja, ambaye ndiye aliyekuwa kocha wa Chuoni, alitaka ligi ya mzunguko mmoja: kila timu icheze na kila timu mara moja. Hoja yake ilikuwa fupi: kila mmoja akishakutana na wote, hakuna atakayelalamikia kura. Tukamfuata.

Timu nane zikikutana zote mara moja ni mechi 28. Tulipanga raundi saba, mechi nne kila wikiendi, mbili Jumamosi na mbili Jumapili. Ratiba yenyewe mwalimu aliichora kwa njia ya zamani: timu moja unaiacha mahali pake, nyingine saba unazizungusha kama mishale ya saa, hatua moja kila wiki, na kila wiki unaandika aliyeelekeana na nani. Baada ya zamu saba hakuna aliyerudia wala aliyeachwa.

Ushindi pointi tatu, sare moja. Kanuni nyingine hatukuandika, na hapo ndipo tulipokosea, ingawa hatukujua hadi wiki ya tano.

Jambo la kwanza kuonekana lilikuwa mwezi. Wavuvi wa dagaa wa Ziwa Tanganyika wanafanya kazi usiku kwa taa, na taa haina maana mbalamwezi ikiwa imeangaza ziwa zima. Kwa hiyo mwezi ukiwa mpevu wanapumzika, wanashona nyavu, wanacheza mpira. Ukiingia giza, wanashinda ziwani usiku kucha, wengine wanahamia kambi za mbali kufuata samaki. Mtoano wa wikiendi mbili haukuwa umetuonyesha hilo. Ligi ya wiki saba inapita katikati ya mwezi mzima na zaidi ya nusu ya mwezi mwingine. Wiki ya tatu ilikuwa ya giza totoro. Mwaloni wakaja bila wachezaji wanne wa kikosi cha kwanza, na waliokuja walikuwa wametoka majini alfajiri. Chuoni wakawafunga 2-0.

Relini walikwenda vizuri zaidi. Walishinda wiki ya kwanza, wakatoka bila bila na Sokoni wiki ya pili, mechi ngumu ambayo Sokoni walikaa wote nyuma ya mpira, kisha wakashinda mbili. Wiki ya tano walikutana na Mwaloni, mwezi ukiwa mpevu na kila mtu yupo, ikawa 1-1 tena. Safari hii hakukuwa na matuta. Kila mmoja aliondoka na pointi yake na wiki iliyofuata wote wawili walishinda.

Wiki hiyo hiyo ya tano Sokoni hawakutokea. Walikuwa wameshacheza mechi nne, pointi moja tu mkononi, na wachezaji wao wengi ni watu wa biashara ambao Jumamosi na Jumapili ndizo siku zao. Nahodha wao alinipigia simu akasema, "Kaka, vijana wanasema wacheze kwa ajili ya nini?" Sikuwa na jibu la maana. Tukampa mpinzani wao pointi tatu za mezani na mabao matatu. Wiki ya sita vilevile.

Basi ikafika wiki ya saba. Relini wana pointi 14, Mwaloni 13. Jumamosi Relini walicheza na Bandarini, wakiongoza 2-1 hadi dakika za mwisho, Bandarini wakasawazisha. 2-2. Relini 15. Na kila mtu uwanjani alijua wakati ule ule kwamba ligi imekwisha, kwa sababu mechi ya mwisho ya Mwaloni, kesho yake, ilikuwa dhidi ya Sokoni.

Jumapili Mwaloni walivaa jezi, wakasimama uwanjani nusu saa, mwamuzi akapuliza filimbi, wakapewa pointi tatu. Wamemaliza na 16, mabingwa. Relini hawakufungwa mechi hata moja kati ya saba na walikuwa wa pili. La kuchekesha, kama si la kuliza, ni kwamba wiki ile ya saba ilikuwa tena ya giza. Laiti Sokoni wangeleta hata timu ya wastani, Mwaloni wangecheza na nusu ya kikosi.

Nahodha wa Relini hakupiga kelele. Alikuja nyumbani jioni, akakaa kwenye jamvi, akaomba daftari. "Toa mechi za Sokoni kwangu," akasema, "utoe na kwao." Nikatoa. Relini wakabaki na pointi 14 kwa mechi sita. Mwaloni wakabaki na 13.

Fedha nazo zilitushinda. Mechi 28 kwa 30,000 ni 840,000, zaidi ya mara mbili ya ada zote. Mfadhili alitoa kidogo, lakini kuanzia wiki ya tano tulikuwa tunachezesha kwa waamuzi wa kujitolea, watu wenye ndugu katika timu. Watazamaji wa wiki ya sita ungeweza kuwahesabu kwa vidole, isipokuwa pale Relini au Mwaloni wanapocheza.

Ila kwenye uwakilishi, Mwaloni walifika nusu fainali.

Msimu wa tatu: makundi kisha mtoano

Safari hii tulikaa mara tatu kabla ya kutangaza chochote. Tuliamua makundi mawili ya timu nne, wawili wa juu wa kila kundi wanaingia nusu fainali. Mechi 12 za makundi, nusu fainali mbili, mshindi wa tatu na fainali: 16. Waamuzi 480,000, na ada tukaipandisha hadi 60,000, ikalingana kabisa. Zawadi tukamwachia mfadhili.

Mwaloni na Relini tuliwatenganisha kabla ya kura, mmoja Kundi A na mwingine Kundi B, kwa sababu ya nafasi zao msimu uliopita. Sita waliobaki walichotwa kwenye sufuria. Kila timu iliweka dhamana ya 20,000 inayorudishwa mwisho wa mashindano. Na tukaandika: timu isiyotokea mara moja inapoteza dhamana, ikikosa mara ya pili inafutwa na matokeo yake yote yanafutwa kwa kila mtu. Mechi za mwisho za kila kundi tulizipanga saa ile ile, moja uwanjani kwetu na nyingine uwanja wa shule, ili pasiwe na timu inayoingia ikijua matokeo inayoyahitaji. Wazo hili si letu. Kombe la Dunia la 1982 Ujerumani Magharibi na Austria waliingia mechi yao ya mwisho wakijua kwamba ushindi mwembamba wa Wajerumani utawavusha wote wawili na kuwatoa Algeria, ambao walikuwa wamemaliza mechi zao siku iliyotangulia. Wajerumani wakafunga bao la mapema, na mchezo ukafa pale pale. Tangu hapo mechi za mwisho za makundi zinachezwa pamoja.

Wikiendi ya mwisho tuliipanga iangukie mwezi mpevu. Kwa wikiendi nne hilo lina maana kwamba ya pili inaangukia giza, na kweli Mwaloni walifungwa 1-0 na Bodaboda wiki ile. Walishinda mbili nyingine, wakamaliza wa pili nyuma ya Bodaboda. Relini waliongoza Kundi B, Chuoni wakiwa wa pili.

Hapo utaratibu wetu mzuri ukatugeukia. Wa kwanza wa kundi moja hukutana na wa pili wa kundi jingine. Kwa hiyo Relini walikutana na Mwaloni nusu fainali. Tuliwatenganisha mlangoni wakakutana sebuleni. Relini walishinda 2-1, mechi safi, kisha wakawafunga Bodaboda 3-0 fainali. Mwaloni waliwafunga Chuoni 4-1 kuwania nafasi ya tatu. Hakuna timu iliyokosa mechi hata moja, na dhamana zote nilizirudisha.

Uchambuzi: kwa nini mtoano unawaumiza wenye nguvu

Nianze na hesabu ndogo ambayo nilitamani niwe nimeifanya kabla ya msimu wa kwanza. Chukua timu yenye nguvu kweli, inayoshinda mara 7 kwa kila mechi 10, matuta yakihesabiwa humo. Ni timu nzuri sana hiyo. Ifikirie imeingia mtoano wa timu nane mara 100. Raundi ya kwanza inavuka mara 70. Katika hizo 70 inavuka nusu fainali mara 49. Katika hizo 49 inachukua kombe mara 34. Yaani timu inayowazidi wote waziwazi inakosa ubingwa karibu mara mbili katika kila tatu, bila kura mbaya, bila refa mbaya, bila uchawi wa mtu.

Timu ile ile ukiiweka kwenye ligi ya mechi saba, na tuseme hata bila matuta bado inashinda mara 7 kwa 10, inashinda mechi tano au zaidi karibu mara 65 kwa 100. Kushinda tano si hakika ya ubingwa, inategemea na wengine wamefanya nini, lakini kwa kawaida unakuwa juu kabisa ya jedwali. Tofauti haiko kwenye ubora wa timu. Iko kwenye bei ya kosa moja. Katika mtoano penalti iliyopaa inagharimu msimu wote. Katika ligi inagharimu pointi mbili.

Mfano wa nyumbani upo. Novemba 2024 Tabora United waliwafunga Yanga 3-1 jijini Dar es Salaam, mechi ya Ligi Kuu. Ingekuwa mtoano, Yanga wangekuwa wameaga siku hiyo na sisi wa mikoa ya magharibi tungekuwa bado tunaimba. Ilikuwa ligi, kwa hiyo walipoteza pointi tatu, na msimu ulipoisha 2025 walikuwa mabingwa. Ushindi wa Tabora ulikuwa halali kabisa. Swali ni kama mechi moja kati ya 30 inatosha kusema nani bora.

Wapo wanaonijibu kwa fainali ya Kombe la Shirikisho iliyochezwa hapa hapa Kigoma, Uwanja wa Lake Tanganyika, Julai 2021: Simba na Yanga, Simba wakashinda 1-0. Mtoano ule ulileta fainalini timu mbili zile zile zilizokuwa za kwanza na za pili kwenye ligi msimu huo. Ni kweli. Lakini Simba na Yanga dhidi ya timu nyingine nyingi hawashindi mara 7 kwa 10, wanashinda zaidi. Timu ikifika kushinda mara 9 kwa 10, mtoano wa raundi tatu inauchukua mara 73 kwa 100. Pengo likiwa kubwa mtoano haupotezi njia. Kwenye kata yetu pengo lilikuwa dogo, na timu za mitaani zikikutana mechi moja kwenye uwanja wenye mashimo, pengo linazidi kupungua.

Jambo la pili ndilo lililonichukua muda mrefu kulielewa, na ndilo mzee wa kahawa alikuwa analisema. Mtoano unaweza kubahatisha bingwa sahihi, lakini kuhusu wa pili hausemi kitu cha kuaminika. Tuseme hakuna bahati kabisa, mwenye nguvu anashinda daima. Kura ya timu nane bila kutenganisha: timu bora ikishakaa mahali pake, zinabaki nafasi saba kwa timu ya pili kwa ubora. Tatu kati ya hizo ziko upande ule ule wa ratiba. Kwa hiyo mara 3 katika 7 timu ya pili inatolewa kabla ya fainali, na anayevaa medali ya fedha ni wa tatu, wa nne au wa tano. Na nafasi moja katika hizo saba ni kukutana mechi ya kwanza, kama ilivyotokea kwetu. Kwenye ligi yetu na kwenye makundi, Relini na Mwaloni kila mmoja alijulikana alipo. Kwenye mtoano wa kwanza mmoja aliandikwa kama aliyetolewa raundi ya kwanza, sawa na Sokoni walioleta watu tisa.

Bodaboda, mabingwa wa msimu wa kwanza, kwenye ligi walimaliza wa tano wakiwa na kikosi karibu kile kile. Sisemi waliiba kombe. Walishinda kila mechi waliyopangiwa. Hawakupangiwa Mwaloni, na Relini waliwapata bila kipa.

Uchambuzi: ligi inadai nini kabla ya kuwa ya haki

Wengi huishia pale juu na kusema ligi ni ya haki, basi. Msimu wetu wa pili unakataa. Haki ya ligi inasimama juu ya sharti moja: kila timu imekutana na wapinzani wale wale wakiwa katika hali inayokaribiana. Relini walikutana na Sokoni waliokaza wiki ya pili. Mwaloni walikutana na nafasi tupu. Pointi zilizoamua ubingwa hazikuchezwa.

Kuna kanuni inayotumika sehemu nyingi: timu ikijitoa kabla ya kucheza nusu ya mechi zake, matokeo yake yote yanafutwa. Ikijitoa baada ya nusu, yaliyochezwa yanabaki na mechi zilizosalia wapinzani wanapewa pointi za mezani. Sokoni walicheza nne kati ya saba, nusu imepita. Kwa kanuni hiyo Mwaloni wangebaki mabingwa. Kwa kufuta kila kitu Relini wangekuwa mabingwa. Njia zote mbili zina watetezi wenye akili timamu. Ubaya wetu ni kwamba hatukuwa tumeandika yoyote, na uamuzi wowote tuliotoa wiki ya tano ulikuwa tayari una jina la mtu aliyefaidika. Nahodha wa Relini alipokuwa anashika daftari langu sikuweza kumwonyesha karatasi.

Dalili ya tatizo inaonekana mapema ukiitafuta. Timu ikifika katikati ya ligi ikiwa haiwezi tena kuchukua ubingwa, na hakuna kushuka daraja, haina sababu ya kuja. Ligi Kuu ina kushuka daraja, kwa hiyo hata timu za mkiani zina sababu ya kukaza. Ligi ya kata haina. Dhamana ya 20,000 ilifanya kazi hiyo kwa bei nafuu, nadhani, ingawa kwenye makundi ya mechi tatu timu hazina muda wa kukata tamaa pia, na siwezi kutenganisha kipi kilisaidia zaidi.

Uchambuzi: makundi yalitibu nini

Mfumo wa makundi unampa mwenye nguvu ruhusa ya kujikwaa mara moja mwanzoni, kisha unaifunga ruhusa hiyo. Ivory Coast walionyesha upana wa mlango huo kwenye AFCON iliyochezwa kwao mwanzoni mwa 2024: walifungwa na Nigeria, wakafungwa 4-0 na Equatorial Guinea, wakapita kama mojawapo ya timu bora za nafasi ya tatu, na wakaja kuwafunga hao hao Nigeria 2-1 fainali. Mwaloni walifungwa mara moja wakapita. Kwenye msimu wa kwanza kipigo kile kile kingewarudisha mwaloni.

Kilichoshindikana ni kuwatenganisha hadi fainali. Kutenganisha kwenye makundi kunashika tu kama wote wawili wataongoza makundi yao. Mmoja akiteleza, wanakutana nusu fainali. Kama lengo ni kujua nani wa kwanza na nani wa pili, hilo ni pengo la kweli. Mshindi wa tatu aliyewafunga Chuoni 4-1 alikuwa kwa maoni yangu timu ya pili kwa ubora katika kata, na cheti chake kinasema wa tatu. Kwetu haikuleta ugomvi kwa sababu anayewakilisha ni bingwa peke yake, na Relini na Mwaloni walikuwa wamepishana goli moja kwenye mechi ambayo kila mmoja alikuwa na watu wake wote.

Kwa kata yenye fedha ya mechi 28, kanuni za kujitoa zilizoandikwa na timu zenye moyo wa kumaliza, ningechagua ligi, bila kusita. Sisi msimu wa pili hatukuwa na hata kimoja kati ya hivyo vitatu.

Suala lililobaki mezani ni la mwezi. Kikao cha kufunga msimu, nahodha wa Mwaloni aliomba ratiba yote ya msimu ujao ipangwe ikikwepa wiki za giza. Nikaona ni ombi la haki na nikaanza kuandika. Nahodha wa Relini akanyoosha mkono: "Samahani katibu, na sisi wenye watu wanaosafiri na treni, siku ya treni mtaikwepa?" Wa Sokoni naye akauliza kuhusu siku za gulio. Mwenyekiti akafunga kikao kwa sala, na ukurasa ule wa daftari hadi leo umeishia katikati ya sentensi.